Kikohozi cha Wiki Mbili na Kikombe Kilichotengwa

Katika nyumba nyingi za kupanga za Dar es Salaam, kuanzia Manzese na Tandale hadi Buguruni na Mbagala, ikishajulikana kwamba mpangaji mmoja anatumia dawa za kifua kikuu, mambo hubadilika haraka. Kikombe chake hutengwa, watoto hukatazwa kuingia chumbani kwake, na aliyezoea kuketi naye barazani huanza kutafuta sababu za kukaa mbali. Katika nyumba hiyohiyo anaweza kuwapo mpangaji mwingine ambaye anakohoa kwa wiki ya tatu, anakunywa dawa ya maji aliyoinunua dukani, na anasema kuwa ni vumbi la jiji tu. Huyo hakuna anayemwogopa: anakula sinia moja na wenzake na kulala chumba kimoja na watoto. Kwa namna kifua kikuu kinavyoambukiza, hofu ya nyumba hiyo imemwelekea mtu asiyestahili. Aliyegunduliwa mapema na kumeza dawa zake ipasavyo, kwa kawaida huacha kuambukiza wengine muda mfupi baada ya kuanza matibabu. Yule ambaye hajapimwa ndiye anayeweza kuijaza hewa ya chumba vimelea usiku baada ya usiku.

Makala haya yanaeleza kwa nini iko hivyo, kikohozi cha kutiliwa shaka kinatambuliwaje, na ni nini hasa kinachotokea mtu anapopeleka makohozi yake kupimwa, kwa sababu wengi wanaoogopa kipimo hicho hawajawahi kuelezwa kilivyo.

Maambukizi ni jambo moja, ugonjwa ni jingine

Kifua kikuu, ambacho wengi tunakiita TB, husababishwa na bakteria ambaye daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza kumgundua tarehe 24 Machi 1882; ndiyo maana tarehe hiyo huadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Kwa kuwa kisababishi chake ni bakteria, ugonjwa huu haurithiwi katika damu ya ukoo, hautumwi na mtu mwenye kijicho, wala hauletwi na maji baridi au kulala na feni. Familia ambayo babu, baba na mjukuu wote wamewahi kuugua haikulaaniwa. Watu wa familia moja hulala chini ya paa moja na kuvuta hewa moja, na hilo peke yake linatosha kueleza kilichowapata.

Mara nyingi bakteria huyu hukaa kwenye mapafu, ingawa anaweza pia kushambulia tezi, mifupa ya uti wa mgongo, utando wa ubongo na sehemu nyingine za mwili. Kifua kikuu kinachowahusu zaidi majirani ni kile cha mapafu na koo, kwa kuwa ndicho kinachotoka na pumzi. Mtu mwenye kifua kikuu cha tezi za shingo au cha mgongo peke yake kwa kawaida hamwambukizi mtu, lakini mtaani hutengwa sawasawa na wengine.

Kuna tofauti moja ambayo ikieleweka huondoa maswali mengi, nayo ni tofauti kati ya kuwa na maambukizi na kuwa na ugonjwa. Mtu aliyevuta bakteria hawa anaweza kuwa nao mwilini kwa miaka mingi bila kuumwa, kwa sababu kinga ya mwili imewazingira na kuwalaza. Huyo hakohoi kwa sababu yao, hapungui uzito, na hamwambukizi yeyote. Inakadiriwa kwamba takriban robo ya watu wote duniani wana maambukizi ya namna hiyo. Kati ya watu 100 walioambukizwa ambao hawana VVU, ni kama 5 hadi 10 tu watakaougua katika maisha yao yote, na karibu nusu ya hao huugua katika miaka miwili ya mwanzo. Kwa hiyo, hata aliyekaa kwa muda mrefu na mgonjwa hapaswi kudhani kwamba lazima ataugua, ila anapaswa kuangaliwa kwa makini zaidi katika kipindi hicho.

Bakteria waliolala huamka pale kinga inapodhoofika. Mwenye VVU asiyetumia dawa yuko katika hatari kubwa kuliko wengine wote, na baada yake wako watoto wa chini ya miaka mitano, wenye kisukari, wenye utapiamlo, wavutaji sigara, wanywaji wa pombe kupindukia, na wanaofanya kazi kwenye vumbi la mawe, kama wachimbaji wa migodini. Hapa ndipo ilipozaliwa ile dhana kwamba kila mwenye kifua kikuu ana VVU. Uhusiano upo, na ndiyo sababu kila mgonjwa wa kifua kikuu hushauriwa kupima VVU pia, lakini wagonjwa wengi wa kifua kikuu nchini Tanzania hawana VVU. Anayemwangalia jirani yake na kuhitimisha ugonjwa wa pili kutokana na wa kwanza, mara nyingi atakuwa amemsingizia.

Wapo pia wanaoonyesha kovu la chanjo begani na kusema kwamba wao hawawezi kuugua. Chanjo ile, BCG, anayopewa mtoto mchanga, ina kazi kubwa ya kumkinga mtoto na aina kali za kifua kikuu, hasa kile cha utando wa ubongo. Kinga yake dhidi ya kifua kikuu cha mapafu kwa mtu mzima ni ndogo. Fundi au mama lishe wa miaka 35 asiitegemee.

Hewa, si sahani

Mwenye kifua kikuu cha mapafu anapokohoa, kupiga chafya, kuimba au hata kuzungumza kwa nguvu, hutoa matone madogo mno yasiyoonekana. Yale makubwa huanguka chini upesi na kukoma hapo. Yale madogo kabisa hukauka yakiwa bado angani na kubaki yakielea, na katika chumba kisichopitisha hewa yanaweza kukaa kwa saa kadhaa. Anayeyavuta mpaka ndani kabisa ya mapafu ndiye anayeambukizwa. Fikiria chumba kilichofukizwa ubani huku madirisha yamefungwa: aliyefukiza anaweza kuwa ameshatoka, lakini anayeingia baadaye bado anauvuta, na kinachouondoa ni kufungua mlango na dirisha upepo upite. Kuosha vikombe hakupunguzi chochote katika hewa hiyo.

Kwa hiyo, kifua kikuu hakiambukizwi kwa kushikana mikono, kula sinia moja, kunywea kikombe kimoja, kuvaa nguo ya mgonjwa, kutumia choo alichotumia au kukaa kwenye kiti alichokalia. Kinachohitajika ni hewa ya pamoja, na kwa kawaida ni hewa ya pamoja ya muda mrefu. Abiria wa daladala aliyekaa karibu na mtu anayekohoa kutoka Gongo la Mboto hadi Kariakoo hawezi kusema kwamba hatari yake ni sifuri, lakini ni ndogo sana ikilinganishwa na ya mke, mtoto au mfanyakazi mwenza anayekaa na mgonjwa huyo katika chumba kilichofungwa kwa wiki na miezi. Nyumba zetu nyingi zina madirisha yaliyozibwa kwa mabati, mbao au mapazia mazito kwa kuogopa wezi na mbu, na vyumba vya watu watano au sita. Mazingira hayo ndiyo yanayomsaidia bakteria, na tabia ya mgonjwa haina uzito unaoukaribia huo.

Kikohozi kisicho na sauti yake

Watu huuliza kikohozi cha kifua kikuu kinasikikaje, wakitarajia kuambiwa kwamba ni kizito, kikavu au cha namna fulani. Hakina sauti yake. Kinaweza kuanza kikiwa kikavu, kisha kikaleta makohozi meupe au ya njano. Kinaweza kuwa kidogo mchana na kuongezeka alfajiri. Kinachokitambulisha kwanza ni siku. Kikohozi cha mafua ya kawaida huelekea kupungua ndani ya wiki moja au mbili, na hata kikibaki kwa muda zaidi huwa kinafifia. Kikohozi kilichofikisha wiki mbili bila kuondoka kinastahili kupimwa, hata kama mwenye nacho anajisikia vizuri kiasi cha kuendelea na kazi zake.

Pili, tazama mambo yanayoambatana nacho. Homa ya kifua kikuu mara nyingi si kali. Hupanda jioni na kushuka asubuhi, hivyo mtu huamka akiwa na nafuu na kuahirisha safari ya kituoni. Jasho la usiku ni lile linalolowesha shuka na foronya hata usiku usio na joto, na katika jiji lenye joto kama hili ni rahisi kulipuuza, kwa hiyo swali la kujiuliza ni kama jasho hilo ni geni kwako na kama unalowa peke yako kitandani. Uzito hupungua bila mtu kukusudia, na mara nyingi mkanda wa suruali au sketi iliyolegea ndiyo inayosema kabla ya mizani. Hamu ya kula hupotea, kifua huuma, na uchovu huwa wa namna ambayo usingizi hauutoi.

Damu kwenye makohozi ni dalili ya kuchukuliwa kwa uzito mkubwa, lakini kuisubiri ni kosa linalotugharimu sana. Wagonjwa wengi hawatoi damu kabisa, na miongoni mwa wanaoitoa, wapo ambao imekuja pale pafu lilipokwisha kuliwa. Anayesema kwamba hajafikia kutema damu bado hajaondoa uwezekano wowote.

Kuna makundi ambayo kanuni ya wiki mbili haiyatoshi. Mwenye VVU anapaswa kuchunguzwa akiwa na kikohozi cha muda wowote, au homa, au kupungua uzito, kwa sababu kwake ugonjwa unaweza kwenda kasi na bila makohozi mengi. Mtoto mdogo huenda asikohoe sana. Dalili yake inaweza kuwa uzito usiopanda kwenye kadi ya kliniki, homa isiyoelezeka, au kuacha kucheza kama zamani. Mvutaji sigara naye amezoea kukohoa kila asubuhi, hivyo anachopaswa kukiangalia ni mabadiliko: kikohozi kilichoongezeka, au kilichobadilisha makohozi yake.

Miezi miwili ya fundi cherehani

Tuchukue mfano wa kutunga, uliojengwa juu ya mambo yanayotokea mara kwa mara mitaani. Fundi cherehani wa Manzese ana kibanda chenye mlango mmoja na dirisha lisilofunguka, anakokaa na wenzake wawili kuanzia asubuhi hadi usiku. Nyumbani ana mke na watoto watatu katika chumba kimoja na sebule.

Anaanza kukohoa baada ya mafua. Katika wiki ya kwanza ananunua dawa ya maji ya kikohozi kwenye duka la dawa, na hapo hajakosea. Katika wiki ya tatu kikohozi kipo palepale, naye anarudi dukani na kupewa antibaiotiki ya kawaida. Anapata nafuu kidogo, labda kwa sababu kulikuwa na maambukizi mengine juu ya yale ya kifua kikuu, kisha kikohozi kinarudi. Jioni anapata homa, na kama ilivyo kawaida yetu anadhani ni malaria. Anapima, haonekani na vimelea, lakini anameza dawa mseto ili kuwa na uhakika. Homa inapungua asubuhi kama ilivyokuwa ikipungua siku zote, naye anaamini kwamba dawa imefanya kazi.

Katika wiki ya sita rafiki anamshauri atumie antibaiotiki kali zaidi, ile ambayo wengi huiita sipro. Hapa pana jambo ambalo wauza dawa na wanunuzi wanapaswa kulijua. Dawa za kundi hilo zinaweza kuwadhoofisha bakteria wa kifua kikuu bila kuwamaliza. Mgonjwa hupata nafuu kwa siku kadhaa, makohozi yakipimwa wakati huo bakteria wanaweza wasionekane, na bakteria wachache waliobaki hupata nafasi ya kuzoea dawa. Nafuu inayokuja na kuondoka kila baada ya dozi ya dukani ni ishara ya kutilia shaka, wala haionyeshi kwamba mtu anapona.

Kufikia wiki ya nane suruali zake mwenyewe, ambazo alizishona kwa vipimo vyake, zinamlegea. Anajua kwamba jambo si la kawaida. Kinachomzuia sasa hakitoki tena kwenye kutojua. Anaogopa kwamba wateja wataacha kuleta vitambaa na mwenye nyumba atamtaka ahame. Unyanyapaa hapa umefanya kazi ambayo bakteria mwenyewe asingeweza kuifanya: umempa wiki nyingine za kukaa katika kibanda kile kisicho na dirisha, pamoja na wale wawili. Tukihesabu watu aliovuta nao hewa katika miezi hiyo miwili, ni mke, watoto watatu na mafundi wawili. Wateja waliosimama mlangoni kwa dakika tano kuchukua nguo hawako katika mstari huo wa mbele wa hatari, ingawa ndio ambao angetarajia wamkimbie.

Kopo la makohozi

Kipimo cha msingi si sindano wala upasuaji. Mgonjwa hupewa kopo safi lenye mdomo mpana na mfuniko, na huelekezwa atoe makohozi nje, mahali penye hewa na mbali na watu. Kwanza husukutua kinywa kwa maji ili mabaki ya chakula yasichanganyike. Kisha huvuta pumzi ndefu mara mbili au tatu, akiishikilia kidogo kila mara, na kukohoa kutoka chini ya kifua. Kinachotakiwa ni makohozi mazito, yapatayo kijiko kimoja cha chai. Mate mepesi ya mdomoni hayafai, nayo ndiyo sababu mojawapo ya mtu kupata majibu yasiyoonyesha ugonjwa ilhali anao. Makohozi ya alfajiri, kabla ya kula, huwa bora kwa kuwa yamekusanyika usiku kucha. Ndiyo maana mtu anaweza kupewa kopo la kwenda nalo nyumbani.

Kwa miaka mingi makohozi yalipimwa kwa hadubini, na hadubini huhitaji bakteria wengi, kama 10,000 katika mililita moja, ndipo mtaalamu awaone kwa uhakika. Siku hizi vituo vingi hutumia mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria, ambayo huwatambua hata wakiwa wachache mno kuliko hao, hutoa majibu ndani ya saa mbili hivi tangu sampuli iwekwe, na huonyesha pia kama bakteria hao wana usugu dhidi ya rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za matibabu. Muda ambao mgonjwa anasubiri kwa hakika unaweza kuwa mrefu zaidi, kwa sababu zahanati isiyo na mashine husafirisha sampuli kwenda kituo kikubwa.

Tanzania ina pia njia isiyo ya kawaida ya kusaidia kazi hii. Huko Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku hufundishwa kunusa makohozi na kuonyesha yale yanayotiliwa shaka, na sampuli zinazotoka katika vituo vya afya hupelekwa kwao. Panya hawatoi hukumu: sampuli waliyoionyesha hupimwa tena kwa njia zinazokubalika kimaabara. Kwa njia hiyo wagonjwa ambao hadubini iliwakosa wamepatikana.

Majibu yasiyoonyesha bakteria hayafungi jalada kila mara. Kikohozi kikiendelea na uzito ukizidi kupungua, mgonjwa arudi, kwani daktari anaweza kuagiza picha ya kifua ya eksirei au kurudia makohozi, na anaweza kuamua kuanzisha matibabu kwa kuzingatia dalili na picha. Kwa watoto wasioweza kukohoa makohozi, wataalamu huchukua majimaji ya tumbo au kupima choo chao, kwa kuwa mtoto humeza makohozi yake.

Fundi wetu alikutwa na bakteria wasio na usugu. Kipimo na dawa havikumgharimu kitu, kwa sababu huduma za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya umma.

Miezi sita, na watu sita

Matibabu ya kifua kikuu cha mapafu kisicho sugu kwa mtu mzima kwa kawaida huchukua miezi sita. Katika miwili ya mwanzo mgonjwa humeza dawa nne zilizounganishwa katika vidonge vilevile, na katika minne inayofuata humeza dawa mbili. Mkojo, na hata jasho na machozi, hugeuka rangi ya chungwa kwa sababu ya rifampisini. Haina madhara, lakini asiyeambiwa mapema hudhani kwamba anakojoa damu na huacha dawa. Dalili ambayo haitakiwi kuvumiliwa ni macho kuwa ya manjano, kutapika mfululizo au kupungua kwa uwezo wa kuona. Mwenye dalili hizo anarudi kituoni siku hiyohiyo.

Kipindi cha hatari ni pale mgonjwa anapopona machoni pake. Baada ya mwezi mmoja au miwili kikohozi kimekwisha, mwili umerudi, na vidonge vinaonekana mzigo usio na sababu. Lakini bakteria wachache wanaokua polepole bado wamo, na miezi minne ya mwisho ipo kwa ajili yao. Anayekatiza anaweza kuugua tena, mara hii kwa bakteria waliozoea dawa, ambao huhitaji matibabu mazito zaidi. Ndiyo maana mgonjwa huombwa amtaje mtu wa karibu wa kumsimamia katika kumeza dawa, na makohozi yake hurudiwa kupimwa katika nyakati zilizopangwa, ikiwa ni pamoja na mwishoni mwa mwezi wa pili na mwishoni mwa matibabu.

Kuhusu kuambukiza, dawa hufanya kazi haraka. Kwa mgonjwa ambaye bakteria wake si sugu, uwezo wa kuambukiza hushuka sana katika siku za mwanzo, na wiki mbili za matibabu kamili ndizo hutajwa kwa kawaida kuwa muda wa tahadhari. Katika wiki hizo mbili fundi hulala karibu na dirisha lililo wazi, hufunika mdomo anapokohoa, huvaa barakoa anapokuwa na watu ndani, na hukaa nje kila inapowezekana. Sahani yake hubaki pamoja na za wenzake. Baada ya hapo, akiendelea vizuri, hana sababu ya kitabibu ya kutengwa na kazi yake wala na watoto wake.

Wale watu sita walioshiriki naye hewa wanapaswa kuchunguzwa wote, hata wasiokohoa. Mtoto wake wa miaka mitatu, ambaye uzito wake haujapanda kwa muda, huchunguzwa kwa undani na kutibiwa kama ana ugonjwa. Asipokuwa na ugonjwa, kwa umri wake hupewa dawa za kinga ili vimelea vilivyolala visiamke. Wengine huamuliwa na mtaalamu mmoja mmoja, kulingana na hali zao. Hatua hii husahaulika sana, kwa sababu familia ikishaona baba amepata dawa huona jambo limekwisha.

Namna ya kumwambia jirani

Jirani anayesikia kikohozi cha mwenzake ukutani usiku ana taarifa ambayo hata daktari hana: anajua kimeanza lini. Tatizo ni namna ya kuisema. Kumwambia mtu “wewe una TB” mbele ya watu ni kutoa hukumu bila kipimo, na jibu lake la kawaida ni kukasirika na kujificha. Kuandika jina lake katika kundi la simu la mtaa, au kumtangaza mkutanoni, ni vibaya zaidi, kwa kuwa kunawafundisha wote wanaokohoa kwamba anayejulikana hufedheheshwa. Mjumbe na mwenyekiti wa serikali ya mtaa wanaweza kuzungumzia kikohozi kwa ujumla katika mkutano. Jina la mtu halina nafasi pale.

Kinachofaa ni swali la faragha linalohusu siku, likiambatana na msaada wa kweli. Mzee wa nyumba ya pili anaweza kumwita fundi pembeni na kusema: “Baba Zuhura, kikohozi hiki nakisikia tangu kabla ya mfungo. Mimi si daktari, siwezi kusema ni nini, lakini kimepita wiki mbili. Kesho asubuhi nakwenda zahanati kupima presha, twende wote, nawe ukatoe makohozi.” Fundi naye, hata kama moyo wake unakataa, atamjibu kwa heshima: “Sawa, mzee wangu, lakini naomba lisifike kwa mwenye nyumba.” Ombi hilo litimizwe. Siri iliyotunzwa mara moja ndiyo inayomfanya mpangaji wa chumba kingine aje mwenyewe mwezi ujao. Kwa asiyetaka kuongozana na jirani, yuko mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye anaweza kumwelekeza au hata kumsaidia kupata kopo.

Wafikapo zahanati, Baba Zuhura asikae kwenye foleni ya kawaida bila kusema neno. Akifika dirisha la mapokezi aseme wazi, kwa sauti ya chini kama anapenda: “Nina kikohozi cha zaidi ya wiki mbili.” Kwa maneno hayo mhudumu anapaswa kumpa barakoa, kumweka sehemu yenye hewa na kumtanguliza kwenye kipimo, badala ya kumwacha saa tatu kwenye benchi pamoja na akina mama waliopakata watoto wachanga. Mhudumu asipofanya hivyo, mzee aliyemsindikiza ana haki ya kukumbusha kwa upole, kisha wote wawili wakasubiri nje, chini ya mti, mpaka jina litakapoitwa.